Uzi: Tathmini ya hatari ya onyesho la sodiamu kwenye maji, naomba mnikosoe kabla sijaingia darasani

mwalimu_mpya

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Nafundisha kemia, huu ni mwaka wangu wa pili. Alhamisi ijayo nataka kuwaonyesha wanafunzi sodiamu ikikutana na maji. Wako 42. Mkuu wa idara amekataa nisifanye mpaka niandike tathmini ya hatari, naye aisome. Nimekuta fomu ya zamani kwenye faili nikaijaza hivi:

Hatari: Sodiamu huwaka na hulipuka ikigusa maji. Haidrojeni hushika moto. Haidroksaidi ya sodiamu huunguza.

Kinga: Mwalimu avae koti, glavu na miwani. Kipande kiwe kidogo. Wanafunzi wakae mbali. Madirisha yawe wazi.

Likitokea tatizo: Tumia mtungi wa kuzimia moto. Aliyeumia aoshwe kwa maji. Uongozi upewe taarifa.

Kila nikiisoma sioni kosa, lakini sioni pia imenisaidia nini. Nikijiwazia nimesimama mbele ya beseni, bado sijui nianze na lipi. Nimeacha nini?

Kisiki

Mwalimu, usijitese. Nimefanya onyesho hili miaka tisa na sijaungua hata unywele. Kitu cha maana ni usifunike beseni. Haidrojeni ikikosa pa kutokea ndiyo inalipuka, ikiwa wazi inapanda juu na kupotea. Pia usitumie chombo chembamba kama bomba la majaribio. Kipande kinaganda ukutani, kioo kinapata joto sehemu moja na kupasuka.

Vaa glavu nene. Mtungi wa kabonidayoksaidi uwe karibu, maana huo hauna maji. Weka na siki kidogo pembeni, mtu akirukiwa na matone ya hiyo haidroksaidi, ambayo ni besi, unaua nguvu yake papo hapo. Fomu yako inatosha, ongeza hayo tu.

BabuBeseni

Marahaba mwalimu. Mimi nimekuwa mtunza maabara miaka 27, sasa nimestaafu. Kisiki yuko sawa kuhusu kufunika na kuhusu chombo chembamba, usiache hata neno la hapo. Kwenye glavu, mtungi na siki hatuko pamoja, nitafika huko.

Kwanza fomu yako. Shida yake ni maneno mawili, "kidogo" na "mbali". Kwa onyesho hili, neno "kidogo" lina uzito kuliko yote yaliyobaki kwenye ukurasa, na wewe umeliacha bila kipimo. Wewe utakata kipande cha milimita 4, mwenzako atakayeirithi fomu hiyo atakata cha ukubwa wa ncha ya kidole, na wote wawili mtakuwa mmefuata maandishi.

Hebu tupige hesabu. Mchemraba wa sodiamu wenye upande wa milimita 4 una uzito wa kama gramu 0.06. Ukimalizika wote majini unatoa haidrojeni ya sentimita za ujazo 30 hivi, yaani vijiko vikubwa viwili vya gesi. Sasa chukua mchemraba wa sentimita 1. Kwa macho ni mkubwa mara mbili na nusu tu. Kwa uzito ni karibu gramu 1, mara 16 ya ule wa kwanza, na gesi yake ni karibu nusu lita. Jicho linapima upande, ila joto na gesi vinafuata ujazo. Ndiyo maana watu wazuri kabisa, wenye uzoefu, wanashangazwa na kipande ambacho "hakikuwa kikubwa sana".

Kwa hiyo andika: sodiamu, upande usiozidi milimita 4, kipande kimoja kwa mara moja, cha pili kisitoke kwenye chupa mpaka cha kwanza kimekwisha kabisa. Kisha chora mraba wa milimita 4 kwenye karatasi, uuweke chini ya kigae cha kioo unachokatia. Usikadirie. Kata juu ya mchoro.

La pili ni kwamba fomu yako imepangwa kwa majina ya kemikali. Ipange upya kwa kufuata mikono yako. Kufungua chupa, kukata, kukausha mafuta, kubeba, kudondosha, kutazama, kusubiri, kusafisha. Kila hapo jiulize kitu gani kinaweza kuharibika sasa hivi, nani yuko karibu, na mkono wangu utafanya nini. Nikirudi nitakuandikia sehemu mbili ambazo huwa zinasahaulika.

mama_watatu

Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu. Nimesikia sodiamu iko kwenye chumvi na chumvi tunaitia majini kila siku. Hii inayolipuka ni ipi tena? Na kwa nini watoto wapewe kitu kama hicho washike?

mwalimu_mpya

Dada, karibu. Wanafunzi hawatashika chochote, ni mimi peke yangu mbele na wao wanatazama. Na chumvi haina neno. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi imeshatoa elektroni yake kwa klorini, imetulia. Ninayotumia ni chuma chenyewe, laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, kinakaa ndani ya mafuta kisiguswe na hewa wala unyevu.

mama_watatu

Asante mwalimu. Basi naomba uwaambie pia wasithubutu kuitafuta wajaribu nyumbani. Wangu wa kati ningemjua.

BabuBeseni

Mama umesema jambo. Mwalimu, liandike: chupa inahesabiwa kabla na baada ya kipindi, na kabati linafungwa kwa ufunguo. Vipande vya sodiamu vimewahi kuondoka maabara mifukoni mwa wanafunzi, na mfuko wa suruali una jasho.

Sasa zile sehemu mbili.

Ya kwanza ni chupa. Watu wanatoa kipande, wanakata, wanadondosha majini, na muda wote huo chupa imeachwa wazi pembeni ya beseni. Ndani yake kuna sodiamu nyingine na mafuta yanayowaka. Cheche moja au tone moja la maji likiingia humo, umetoka kwenye onyesho la gramu 0.06 ukaingia kwenye moto wa chupa nzima. Kukatia kuwe kwenye meza nyingine, mita mbili au zaidi kutoka kwenye maji. Kisu, koleo na kigae viwe vikavu kabisa. Ukishakata, kilichobaki kinarudi kwenye mafuta, kifuniko kinafungwa, chupa inarudi kabatini. Ndipo unageuka kulifuata beseni. Mpangilio huo usibadilike hata kama kengele imekaribia.

Ya pili ni sekunde za mwisho. Hii nitaieleza taratibu kwa sababu niliiona ikimuumiza mtoto.

Ilikuwa mwaka wangu wa sita kazini, shule sitaitaja. Mwalimu aliweka kipande kikubwa kuliko nilichokuwa nimemkatia. Kikazunguka juu ya maji kikizomea, kikayeyuka kikawa mviringo kama tone la zebaki, kikawaka manjano, moto ukazima. Darasa likashusha pumzi. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akainama aone kama kimekwisha. Juu ya maji palikuwa pamebaki kishanga kidogo kisicho na rangi, kama kioo. Ungeweza kudhani ni povu. Kile ni haidroksaidi ya moto sana, imeyeyuka, inaelea juu ya mvuke wake yenyewe bila kugusa maji. Kikipoa kidogo mvuke unakatika, kinagusa maji na kupasuka. Kilipiga "pa!", wala si kwa kishindo kikubwa, na tone likapita chini ya miwani yake ya kusomea.

Alioshwa kama dakika mbili. Akasema maumivu yamepungua, akarudi kukaa. Jioni jicho lilikuwa limevimba na limefunga. Alipona, ila aliniambia baadaye kwamba kwa jicho lile taa za usiku anaziona zina ukungu.

Kwa hiyo andika kwenye fomu: moto ukizima hakuna anayesogea, mwalimu akiwa wa kwanza. Hesabu polepole hadi 60 kwa sauti, darasa zima lihesabu na wewe ukipenda. Wanaohesabu hawainuki.

Nesi_Zamu

Naomba nidakie hapo kwenye jicho, ndiyo kazi yangu.

Zile dakika mbili ndizo zilizomponza. Asidi ikiingia jichoni mara nyingi inagandisha tabaka la juu na kwa kiasi fulani inajizuia. Besi haifanyi hivyo. Inayeyusha mafuta na protini, inaendelea kuzama ndani, na maumivu yanaweza kupungua wakati uharibifu bado unaendelea. Ukimsikia mtoto akisema "sasa nafuu", usimwachie.

Kuosha kuanze ndani ya sekunde, si baada ya kumtafuta matroni. Maji safi yanayotiririka polepole, dakika 20 zisizopungua, saa ikitazamwa. Kichwa kiinamishwe upande ili jicho lililoumia liwe chini, vinginevyo unaihamishia besi kwenye jicho lisiloumia. Mtu mwingine ashike kope zote mbili zikiwa wazi, maana mwenyewe hataweza, jicho linajifunga kwa nguvu. Amwambie azungushe jicho juu, chini, kushoto, kulia. Kisha hospitali, hata kama anaona vizuri, na anayempeleka aseme jina la kemikali: haidroksaidi ya sodiamu.

Kaka Kisiki, siki hapana. Wakati unaitafuta, besi inazama. Na ukiipata, unaongeza asidi juu ya jeraha na mchanganyiko wake unatoa joto. Maji mengi yanafanya kazi ile ile bila kuongeza dhara.

mwl_wa_mbali

Nesi, hapo umenigusa. Maabara yetu haina bomba kabisa. Maji tunachota kwenye tangi nje. Mimi huwa nafanya onyesho hili na ndoo moja ya maji pembeni. Nikisoma dakika 20 naona ndoo yangu haifiki popote.

Nesi_Zamu

Vifaa vya kuoshea macho vinahesabiwa kwa kama lita moja na nusu kwa dakika. Dakika 20 ni lita 30. Pia ndoo ni shida kwa sababu unamwagia kwa kikombe, yanakuja kwa mafungu na kwa nguvu. Tafuta chombo chenye koki ndogo chini, kiwekwe juu ya meza, kichwa cha mtoto kikae chini yake. Viwili vya lita 20 vinakutosha na ziada. Kabla ya kipindi fungua koki ujue inatoa mkondo mwembamba, haifoki. Na maji yawe ya siku hiyo hiyo.

mwl_wa_mbali

Nimeelewa. Vyombo viwili vya koki tunavyo, vinakaa nje ya vyoo. Vitaingia maabara siku hiyo. Nikivikosa, siku hiyo onyesho halipo.

Kisiki

Kwenye siki nimekubali, nimejifunza. Lakini mtungi wa kabonidayoksaidi una kosa gani? Hauna maji, na moto bila oksijeni unakufa.

BabuBeseni

Moto wa karatasi unakufa. Sodiamu inayowaka ina nguvu ya kunyang'anya oksijeni iliyo ndani ya kabonidayoksaidi yenyewe, ikaendelea kuwaka. Halafu kuna ule mpulizo wa mtungi. Unarusha chembe zinazowaka pande zote za chumba. Maji na povu hata tusiyataje. Blanketi lenye unyevu nalo ni maji.

Kinachotumika ni mchanga mkavu, au chumvi kavu ya mezani, au soda ya kufulia isiyo na maji. Unamimina taratibu kutoka ubavuni, unafunika kabisa, unaacha. Usichokonoe kuona kama umezima. Chini ya mchanga sodiamu inaweza kukaa na joto muda mrefu, na ukiifunua inawaka tena.

Neno "mkavu" lipime kwa mkono wako. Ndoo nyingi nyekundu nilizokuta mashuleni zimekaa barazani, mvua inaingia. Ingiza mkono mpaka chini. Ukikuta ubaridi na mchanga unaoshikana, hiyo ndoo ni hatari kuliko kukosa ndoo. Mchanga ukauke juani siku mbili, uuhamishie kwenye chombo chenye kifuniko.

Moto ukiwa juu ya maji ndani ya beseni, huo usiuzime. Ndio onyesho lenyewe, kipande cha milimita 4 kitajimaliza chenyewe. Mchanga ni wa kipande kilichoanguka mezani au sakafuni.

Glavu sasa. Ya ngozi nene inakuondolea hisia za vidole, kipande kinateleza. Ile nyembamba ya mpira ikiungua inagandia kwenye ngozi. Mimi nimefanya kazi miaka yote kwa mikono mikavu na koleo, na sheria moja kwamba kidole hakiigusi sodiamu. Kikianguka juu ya ngozi kavu, kiondoe kwanza kwa koleo, kisha maji mengi, mengi kweli, dakika 20. Ukimwagia maji machache wakati kipande bado kipo, umefanya onyesho juu ya mkono wa mtu.

Elektroni11

Niongeze kidogo, mimi ni wa fizikia. Kisiki alisema mlipuko ni haidrojeni ikikosa pa kutokea. Hiyo ni sehemu tu. Mwaka 2015 watafiti wa Praha walichapisha kwenye jarida la Nature Chemistry picha za kamera za kasi sana, wakidondosha aloi ya sodiamu na potasiamu iliyo kimiminika ndani ya maji. Chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde uso wa chuma unachomoza miiba inayochomeka majini. Elektroni zinakimbilia kwenye maji kwa haraka, chuma kinabaki na chaji chanya tupu, na chaji hizo zinasukumana mpaka chuma kinajipasua. Kwa kipande kikubwa, eneo jipya la kugusana na maji linazaliwa ghafla namna hiyo, gesi ndiyo inafuata.

Maana yake kwa fomu ya mwalimu ni kwamba kuacha beseni wazi na madirisha wazi hakuondoi mlipuko. Kunapunguza tu gesi ya kukusanyika.

Kisiki

Hiyo ni mpya kwangu. Basi je, juu ya beseni tuweke wavu wa waya? Gesi inatoka, vipande havitoki. Mimi nimekuwa nikiweka wavu tangu zamani.

BabuBeseni

Nimefanya kazi na walimu wa aina zote mbili. Wavu unazuia chembe za juu, hilo kweli. Lakini ili uuweke lazima mkono na uso wako virudi juu ya beseni wakati kipande kimeshaanza kazi, na wavu mwepesi ukirushwa nao unakuwa kitu kinachoruka. Mimi nilipendelea vioo vya kinga viwili vya plastiki ngumu, kimoja kati ya beseni na wanafunzi, kingine kati ya beseni na mwalimu. Hicho cha pili ndicho kinachosahaulika, na mwalimu ndiye aliye karibu kuliko wote.

Kisiki

Wangu una mpini mrefu na umepigwa uzito pembeni, nauteleza kwa mkono mmoja huku uso uko nyuma ya kioo. Mimi nitabaki nao.

BabuBeseni

Ukiwa na mpini hivyo sina ugomvi. Uandike basi kwenye fomu pamoja na huo mpini, asije mwingine akauweka kwa mkono.

mwalimu_mpya

Nina maswali matatu. Vioo havifuniki juu, sasa wanafunzi wavae miwani au vioo vinatosha? Nina miwani 25 tu kwa watu 42. Na karatasi chujio: video niliyoona, wanaweka sodiamu juu ya karatasi chujio inayoelea, inawaka moto mzuri wa manjano. Mwisho, mabaki nayapeleka wapi?

BabuBeseni

Miwani wavae. Chembe inaruka juu kwa upinde, inapita juu ya kioo na kushuka kwa aliye nyuma. Iwe ile ya kufunga pande zote, na mwenye miwani ya kusomea avae juu yake. Wewe vaa ngao ya uso mzima. Kwa miwani 25, gawa darasa mara mbili, 21 na 21, onyesho lifanyike mara mbili. Umbali ni mita 3 kutoka kwenye beseni, chora mstari kwa chaki sakafuni. Asikae mtu ubavuni wala nyuma yako.

Karatasi chujio inafanya kipande kisizunguke. Kikitulia sehemu moja maji ya pale yanachemka, joto halipati pa kwenda, ndipo kinawaka. Ni kweli moto unapendeza, na ni kweli pia kinarusha zaidi. Kama lengo lako ni wanafunzi waone chuma kikielea, kikiyeyuka na kukimbia juu ya maji, na kiashiria cha besi kilichotiwa majini kikigeuka waridi nyuma yake, karatasi haina kazi hapo. Chagua lengo kwanza. Ukitaka moto pia, hilo ni onyesho jingine lenye mstari wake kwenye fomu, na kipande kiwe kidogo zaidi.

Mabaki: usitupe kwenye sinki wala pipa la takataka. Chembe za kukatia ziingie kwenye kikombe chenye propanoli au ethanoli, kidogo kidogo, mbali na moto wowote, uache mpaka viputo viishe ndipo umimine na maji mengi. Na ile karatasi uliyofutia mafuta! Ina vumbi la sodiamu usiloliona. Ibebe kwa koleo uizamishe kwenye beseni, ukiwa nyuma ya kioo, kabla haijaenda kwenye pipa. Mioto ya mapipa ya maabara mingi nimeiona imeanzia kwenye karatasi.

Maji ya beseni yenyewe yasikutishe. Gramu 0.06 ndani ya lita 3 inakupa pH ya kama 11. Usiyanywe wala usiyaingize machoni, ila kwenye sinki yanakwenda vizuri na maji ya bomba juu yake. Ukali uko kwenye matone yanayoruka karibu na chuma, hayo hayajachanganyika na zile lita 3.

mwalimu_mpya

Nimerudi. Leo nimefanya zoezi peke yangu na mwenzangu mmoja, bila wanafunzi.

Kwanza nilifanya yote bila sodiamu, nimekata kipande cha sabuni badala yake. Hapo tu nikagundua mambo mawili. Meza ya kukatia niliyochagua iko upande wa mlango, kwa hiyo kubeba kipande ningepita mbele ya wanafunzi. Nimeihamisha. Na bomba la karibu lilikuwa na mpira ulioziba, maji yanatoka kwa kurusha. Mwenzangu ameufungua.

Kisha sodiamu yenyewe. Juu ya mraba wa milimita 4 kipande kilionekana kidogo mpaka nikaona aibu kukiita onyesho. Nikakidondosha kwa koleo refu. Kilikimbia kama kwa nusu dakika, kikizomea, kikaacha mkia wa waridi kwenye maji yote. Hakikuwaka. Kilipotaka kuisha niliona kile kishanga. BabuBeseni, ni kweli, kinang'aa kama tone la kioo na mwili wote unakuambia usogee uone. Tulihesabu. Kwenye 4 kikapiga, na baada ya hapo nikakuta vitone vitatu vikavu upande wa ndani wa kioo changu, usawa wa kidevu.

Mstari wa kutazama sasa unasomeka hivi: "Mwalimu na wanafunzi wabaki nyuma ya kioo na nyuma ya mstari wa chaki mpaka hesabu ya 60 iishe tangu kitu cha mwisho kuonekana juu ya maji. Kipande kikigandia ukutani kisisukumwe, kiachwe. Msaidizi amesimama kwenye bomba kipindi chote, ndiye anayeanza kuosha na ndiye anayetazama saa. Mwalimu anabaki na beseni na darasa." Mkuu wa idara amesaini, ila ameongeza kwa mkono wake kwamba msaidizi asipokuwepo kipindi kinaahirishwa.

Swali jingine. Kabatini nimekuta chupa ya potasiamu. Mafuta yamepungua, nusu ya chuma iko juu ya mafuta, na imefanya gamba la manjano lenye kuelekea rangi ya chungwa. Nilitaka nikwangue hilo gamba nikatumie kidogo kwa kulinganisha.

BabuBeseni

Usiiguse. Usifungue tena, usitikise, usikwangue. Gamba la sodiamu ni jeupe, unaweza kulikata. Gamba la manjano au chungwa kwenye potasiamu ni oksidi nyingine yenye oksijeni nyingi, na kisu kikiisukuma ndani ya chuma na mafuta inaweza kulipuka mkononi mwako, hapo hapo mezani, bila maji yoyote. Umeifungua leo?

mwalimu_mpya

Hapana, niliiona kupitia kioo. Kifuniko kina vumbi.

BabuBeseni

Vizuri. Iache pale pale ilipo, funga kabati, bandika karatasi ya onyo, mwambie mkuu wa idara leo hii aite watu wa kuteketeza kemikali. Wanafunzi wasifanye kipindi karibu na kabati hilo mpaka itoke.

Kisiki

Mwalimu, mimi potasiamu huwa naonyesha, ya chupa mpya, milimita 3, inawaka zambarau mara inapogusa maji. Ni onyesho zuri kuliko hilo la sodiamu.

BabuBeseni

Mimi ningewaonyesha hiyo kwa video. Inawaka kabla hujarudisha mkono.

Kisiki

Koleo refu, babu. Darasa linalofundishwa kwa video halinusi hata harufu ya mafuta ya taa.

mwalimu_mpya

Mimi nitabaki na sodiamu. Karatasi ya onyo nimeshaibandika, na ufunguo wa kabati nimeukabidhi kwa mkuu wa idara.